Ngozi yenye uhai na masikio yanayopitisha mwanga kwenye sheda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanahusu kazi moja tu: kumpa mhusika wa gemu ngozi inayoonekana kuwa na nyama na damu chini yake, kwa njia inayowahi fremu. Njia yenyewe ina sehemu mbili. Kwanza tunatia ukungu mwanga ulioangukia ngozi, tukifanya hivyo kwenye picha ya skrini. Kisha tunashughulikia masikio peke yake, kwa sababu ukungu hauyafikii. Mifano yote ni ya kichwa kimoja kilichoundwa kwa mita halisi, na msimbo ni wa GLSL. Anayetumia HLSL atabadilisha majina ya aina za data na kuendelea.

### Kwa nini kichwa changu kinaonekana kama kimechongwa kwenye jiwe?

Kwa sababu sheda ya kawaida huchukulia kwamba mwanga ukigonga ngozi hurudi palepale ulipogonga. Ngozi haiko hivyo. Sehemu ndogo ya mwanga, kama asilimia 2.8 unapoingia wima, hurudishwa na tabaka la juu lenye mafuta, na huo ndio mng'ao tunaouona kwenye paji na ncha ya pua. Unaobaki huzama ndani, hugongana na chembe za ngozi mara nyingi, halafu hutoka mahali pengine, milimita kadhaa kutoka ulipoingilia. Mwekundu husafiri mbali zaidi. Kijani huishia karibu, na buluu karibu zaidi.

Matokeo yake utayaona mahali mwanga unapokutana na kivuli. Kwenye jiwe mpaka ni mkali. Kwenye shavu mpaka huyeyuka taratibu, na upande wa kivuli huwa na wekundu hafifu, kwa kuwa mwekundu peke yake ndio uliofika huko. Vilevile vishimo vidogo vya ngozi hupoteza weusi wao, maana mwanga huvijia kutoka pembeni ukiwa chini ya ngozi.

### Kwa nini ukungu ufanyike kwenye skrini na si kwenye ramani ya ngozi?

Wazo la kutia ukungu lilianza kwenye ramani ya ngozi. Unaukunjua uso uwe bapa, unachora mwanga juu yake, unatia ukungu, kisha unaurudisha kichwani. Mwaka 2007 d'Eon, Luebke na Enderton walionyesha kwamba inawezekana kwa wakati halisi na matokeo yakawa mazuri sana. Tatizo ni gharama: kila kichwa kinadai ramani yake na mapito yake, hata kikiwa mbali, na hata kisogo ambacho hakuna anayekiona hulipiwa.

Mwaka 2009 Jimenez, Sundstedt na Gutierrez walihamishia kazi hiyo kwenye skrini. Hapo vichwa vyote vilivyopo kwenye picha hutiwa ukungu kwa pamoja, na unalipia pikseli za ngozi zinazoonekana tu. Unachopoteza ni kila kitu ambacho kamera haikioni, na hapo ndipo tatizo la masikio linapoanzia. Tutalifikia.

### Nitie ukungu kitu gani hasa?

Mwanga ulioangukia ngozi, kabla haujazidishwa kwa rangi ya ngozi na kabla mng'ao haujaongezwa. Hili ndilo jambo linalowakwamisha wengi, kwa hiyo tulipe nafasi.

Sheda yako ya ngozi itoe matokeo mawili kwenye bafa mbili. Ya kwanza ni mwanga mtupu: jumla ya taa zote zikiwa zimezidishwa kwa pembe yake na kwa kivuli. Ya pili ni mng'ao. Rangi ya ngozi, yaani albedo, ibaki pembeni. Baada ya ukungu ndipo unapounganisha: mwanga uliotiwa ukungu mara albedo, kisha unaongeza mng'ao.

Ukitia ukungu picha ambayo albedo imeshaingia, utafuta vinyweleo, madoadoa na mistari ya midomo, na uso utakuwa kama umepigwa picha kwa lenzi chafu. Zaidi ya hapo, kama albedo yako ilitokana na picha ya mtu halisi, ngozi yake ilikwisha kuutawanya mwanga kabla kamera haijapiga. Kutia ukungu tena ni kurudia kazi hiyo mara mbili. Mng'ao nao ukiingia kwenye ukungu, unyevu wa ngozi hupotea na kichwa huonekana cha nta.

Bafa ya mwanga iwe ya `RGBA16F`, na hesabu zote ziwe kwenye mwanga wa mstari, yaani picha za sRGB zifunguliwe kabla ya kuzitumia. Alfa ya bafa hiyo usiiache tupu. Iandike 1 palipo na ngozi na 0 kwingine kote. Sababu ya kufanya hivyo iko chini kidogo.

### Ukungu uwe na upana gani?

Uwe wa milimita, usiwe wa pikseli. Ukichagua pikseli, uso utaonekana sawa kwenye umbali mmoja tu. Kamera ikisogea mbali, kichwa kizima kitakuwa na rangi ya waridi. Ikikaribia, ngozi inarudi kuwa jiwe.

Tuchukue mfano. Skrini ina mistari 1080, kamera ina uwazi wa nyuzi 30 kwa wima, na uso uko sentimita 60 mbele yake. Urefu wa kinachoonekana kwenye umbali huo ni 2 × 0.6 × tan(15°), ambayo ni kama mita 0.3215. Gawa 1080 kwa milimita 321.5, unapata pikseli 3.36 kwa kila milimita. Mwekundu kwenye ngozi hufika hadi kama milimita 8, hivyo ukungu wetu unahitaji nusu-kipenyo cha pikseli 27. Uso huohuo ukiwa mita 3, nusu-kipenyo ni pikseli 5 na nusu. Ukifika mita 10 ni pikseli moja na nusu, na hapo kazi yote hii haionekani tena.

Kwenye sheda huhitaji kuita `tan`, kwa sababu jibu lake limo tayari ndani ya matriki ya projeksheni:

```glsl
// z0: kina cha pikseli hii kwa mita, tayari ni cha mstari
// mwelekeo: (1,0) pito la kwanza, (0,1) pito la pili
vec2 hatua = mwelekeo * 0.0005 * vec2(P[0][0], P[1][1]) / z0;
```

`hatua` sasa ni umbali wa milimita moja kwenye skrini. Ile 0.0005 ni nusu, kwa kuwa skrini inahesabiwa kutoka 0 hadi 1 badala ya -1 hadi 1, mara 0.001 ya kugeuza milimita kuwa mita. Kama umbo lako liliundwa kwa sentimita, rekebisha hapa na usirekebishe mahali pengine popote. Makosa mengi ya njia hii ni ya vipimo: mtu anazungusha vitelezi hadi uso mmoja unapendeza, kisha mhusika wa pili anaingia akiwa na ukubwa tofauti na kila kitu kinaharibika.

### Namba za keneli zinatoka wapi?

Keneli ni orodha ya uzito wa sampuli za ukungu, na namba zinazotumika sana ni za d'Eon na wenzake. Walieleza jinsi mwanga unavyopungua ndani ya ngozi kwa kujumlisha kengele sita za Gauss, kuanzia nyembamba yenye variansi ya 0.0064 hadi pana yenye variansi ya 7.41, kwa milimita za mraba. Kila rangi ina uzito wake kwenye kila kengele. Kengele pana kuliko zote ina uzito wa 0.078 kwa mwekundu na sifuri kwa kijani na buluu. Jumla ya uzito kwa kila rangi ni 1, na ndiyo maana ukungu hauongezi wala kupunguza mwanga wa uso kwa ujumla.

Zamani kila kengele ilihitaji mapito yake mawili, moja la mlalo na moja la wima, yaani mapito 12. Mwaka 2015 Jimenez na wenzake walichapisha njia ya kuyafupisha yawe mawili tu kwa ujumla: keneli moja ya mstari ambayo kila sampuli ina uzito wa rangi tatu. Sampuli 17 zinatosha kwa gemu nyingi. Ukiwa na uso unaojaza skrini, tumia 25. Usizipange kwa nafasi sawa. Zisongamane karibu na kitovu na zitawanyike zinapoelekea pembeni, kwa mfano kwa kuzidisha nafasi kwa yenyewe, kwa sababu kijani na buluu karibu zote ziko ndani ya milimita moja.

Kihesabu, jumla ya kengele kadhaa haigawanyiki kikamilifu kuwa mlalo na wima. Kwenye uso wa kawaida hutaiona hitilafu hiyo. Utaiona pale doa dogo lenye mwanga mkali linapoanguka kwenye shavu: linachora msalaba. Kuzungusha mwelekeo wa keneli kwa pembe ya nasibu kwa kila pikseli huuondoa msalaba huo na kuacha chembechembe ndogo, ambazo ulainishaji wa kingo unaotumia fremu zilizopita huzimaliza.

### Mbona mwanga wa pua unavuja hadi shavuni, na ukingo wa uso una rangi ya kijani?

Ni dalili mbili, na zote zinatoka ndani ya kitanzi kimoja. Hiki hapa:

```glsl
vec3 kati  = texture(bafaMwanga, uv0).rgb;
vec3 jumla = kati * keneli[0].rgb;
for (int i = 1; i < N; i++) {
    vec2 uv = uv0 + keneli[i].a * hatua;   // .a ni milimita
    vec4 c  = texture(bafaMwanga, uv);
    float tofauti = abs(kinaMstari(uv) - z0);
    float s = clamp(tofauti / 0.008, 0.0, 1.0);
    s = max(s, 1.0 - c.a);                 // si ngozi
    jumla += mix(c.rgb, kati, s) * keneli[i].rgb;
}
```

Kuvuja hutokea kwa sababu kwenye skrini ncha ya pua na shavu vinaweza kuwa pikseli jirani, ilhali kati yao kuna sentimita mbili au tatu za hewa. Ndiyo maana tunalinganisha kina. Kikomo cha milimita 8 kinalingana na upana wa ukungu wenyewe: kitu kilicho mbali kuliko hapo hakiwezi kuwa kimetuletea mwanga kwa kupita chini ya ngozi. Shavu linapopinda kuelekea pembeni, kina hubadilika haraka na kikomo hiki hupunguza ukungu. Hilo ni sawa, tena ni vizuri, kwani pale milimita 8 za skrini ni milimita nyingi zaidi juu ya ngozi yenyewe.

Rangi ya kijani huja pale sampuli isiyofaa inapotupwa. Sampuli za mbali ndizo zilizobeba mwekundu, kwa hiyo ukizitupa, ukingo unapoteza mwekundu na kubaki na kijani na buluu. Angalia msimbo: hatutupi kitu, tunaweka mwanga wa kitovu badala ya sampuli iliyokataliwa, na jumla inabaki 1 kwa kila rangi.

Sasa ile alfa. Wengi huweka stensili ili ukungu ufanyike kwenye ngozi tu, wakadhani wamemaliza. Stensili huzuia kuandika nje ya ngozi, lakini haizuii pikseli ya ngozi kusoma kutoka nje. Shingo iliyo kando ya kola nyeupe itaendelea kuchota weupe wa kola. Mstari wa `1.0 - c.a` ndio unaoziba tundu hilo. Macho na meno nayo yawe na alfa ya sifuri.

### Ukungu umekaa sawa, lakini masikio bado yamekufa taa ikiwa nyuma. Kwa nini?

Chukua tochi ya simu usiku, zima taa ya chumba, uiweke nyuma ya sikio la mtu na umtazame kwa mbele. Ukingo wa juu unawaka rangi ya machungwa, ukielekea ndani unakuwa mwekundu, na mishipa inajichora kama nyuzi nyeusi. Karibu na kichwa, sikio linapoungana na fuvu, mwanga unakatika kabisa. Ndewe iko katikati: inawaka, ila si kama ukingo.

Mwanga wote huo uliingilia upande wa nyuma wa sikio. Kamera iko mbele, na upande wa nyuma haumo kwenye picha ya skrini hata kwa pikseli moja. Ukungu unasambaza kilichopo kwenye bafa, na kwenye bafa mbele ya sikio pana giza. Hata ukipanua keneli mara kumi hutapata kitu. Inabidi tujue mwanga umepita kwenye nyama yenye unene gani, na habari hiyo anayo mtu mmoja tu: taa.

### Unene wa sikio naupataje kutoka kwenye taa?

Kwa ramani ya kivuli. Ramani hiyo inahifadhi, kwa kila mwelekeo, umbali wa kitu cha kwanza ambacho mwanga umekigonga. Kwa sikio lililoangazwa kwa nyuma, kitu hicho ni ngozi ya nyuma ya sikio. Wewe unachora ngozi ya mbele na unajua umbali wake kutoka kwenye taa. Toa cha kwanza kwenye cha pili, na tofauti ndiyo unene. Hii ndiyo njia ambayo Jimenez na wenzake waliichapisha mwaka 2010.

```glsl
vec3 ndani     = pos - N * 0.0015;
float zKuingia = texture(ramaniKivuli, uvKwaTaa(ndani)).r * masafa;
float zKutoka  = kinaKwaTaa(pos);
float d  = max(zKutoka - zKuingia, 0.0) * 1000.0;  // milimita
float dd = -d * d;
vec3 T = vec3(0.233, 0.455, 0.649) * exp(dd / 0.0064)
       + vec3(0.100, 0.336, 0.344) * exp(dd / 0.0484)
       + vec3(0.118, 0.198, 0.000) * exp(dd / 0.187)
       + vec3(0.113, 0.007, 0.007) * exp(dd / 0.567)
       + vec3(0.358, 0.004, 0.000) * exp(dd / 1.99)
       + vec3(0.078, 0.000, 0.000) * exp(dd / 7.41);
float E = clamp(0.3 + dot(-N, L), 0.0, 1.0);
mwanga += T * E * rangiTaa;
```

Kengele sita ni zilezile za ukungu, na hivyo masikio na mashavu yanakuwa ngozi moja. Nomali ya upande wa nyuma hatunayo, kwa hivyo tunaikisia kwa kugeuza ya mbele, na 0.3 inalainisha mahali mwanga unapoanza kuzunguka ukingo. Kusogeza nukta milimita moja na nusu kwenda ndani kunasaidia ukingoni: bila hivyo, kosa dogo la ramani linakufanya usome ukuta ulio nyuma ya kichwa badala ya sikio. Nukta iliyosogezwa inatumika kutafuta mahali pa kusoma tu. Umbali wenyewe unapimwa kutoka nukta halisi, la sivyo ungekuwa umelipunja sikio unene wake.

Jumlisha matokeo kwenye bafa ya mwanga kabla ya ukungu. Ukungu utalainisha vipande vya mraba vya ramani ya kivuli bila gharama yoyote ya ziada.

### Nitajuaje kwamba namba zangu ni sahihi?

Tengeneza kabari: kipande cha umbo chenye unene wa milimita 1 upande mmoja na milimita 5 upande wa pili. Weka taa nyuma yake ikitazama kamera moja kwa moja, na usome thamani za `T`. Kwenye milimita 1 mwekundu uwe 0.305 na kijani 0.005. Kwenye milimita 2 mwekundu ushuke hadi 0.094, kwenye 3 uwe 0.027, na kwenye 5 uwe 0.003, yaani giza. Ukipata mteremko wenye sura hiyo lakini umevutwa au kubanwa, vipimo vya umbo lako si mita. Ukipata thamani moja kabari nzima, tatizo ni ramani ya kivuli.

Namba hizo pia zinakueleza kwa nini sikio la mhusika linaweza kukataa kuwaka ingawa msimbo hauna kosa. Wachongaji wa maumbo hunenepesha masikio ili yasivunjike wakati wa kuyasogeza. Kati ya milimita 2 na 4 mwanga unapungua zaidi ya mara kumi. Pima sikio kabla ya kugusa sheda. Kama msanii hawezi kulipunguza, zidisha `d` kwa kigawo kidogo kama 0.6 kwenye masikio tu, na ukiandike kigawo hicho waziwazi ili mwenzako asije akakishangaa.

### Ramani ya kivuli ninayo, lakini kichwa kizima kinawaka kama taa. Nianzie wapi?

Anza na nyuso zinazochorwa kwenye ramani hiyo. Baadhi ya injini huchora nyuso za nyuma kwenye ramani ya kivuli ili kuepuka madoa ya kujifunika. Kwa kazi yetu hilo ni sumu: ramani inahifadhi mahali mwanga unapotokea badala ya unapoingilia, unene unakuwa sifuri kila mahali, na fuvu linapitisha mwanga kama karatasi. Chora nyuso zinazoitazama taa.

Kinyume chake, kama hakuna kinachowaka kabisa, angalia kama umezidisha `T` kwa kivuli. Mbele ya sikio ni kivulini, na aliyelitia kivuli ni sikio lenyewe, hivyo ukizidisha unapata sifuri siku zote. Usiogope kwamba kofia itapitisha mwanga: kofia ikiwa kati ya taa na sikio, ramani inasoma umbali wa kofia, unene unakuwa mkubwa na `T` inajizima yenyewe.

Angalia pia aina ya kisomaji. `sampler2DShadow` inarudisha jibu la ulinganisho, ndiyo au hapana, nasi tunahitaji kina chenyewe. Tumia `sampler2D` ya kawaida, na ulinganisho wa kadi ya michoro uwe umezimwa kwenye usomaji huu. Taa ya jua ina kina cha mstari tayari. Taa ya tochi haina, hivyo kinyooshe kwanza.

Mwisho ni usahihi. Ramani ya biti 16 inayofunika masafa ya mita 50 ina ngazi za kama milimita 0.76, na sikio la milimita 2 linabaki na ngazi tatu tu: utaona mistari ya mwanga kama kontua. Masafa ya mita 2 kwa biti zilezile yana ngazi za milimita 0.03. Kwa upana pia, ramani ya 2048 inayofunika mita 20 ina vipande vya karibu sentimita moja, na sikio linapotelea katikati yake. Kwa mhusika mkuu nashauri ramani ya pekee ya kichwa, 1024 kwa sentimita 40. Kila kipande kinakuwa chini ya nusu milimita, na ni ramani ya umbo moja tu, haichukui muda.

Kuna kasoro moja ambayo njia hii haiiponyi. Ramani inajua mahali mwanga ulipoingilia mara ya kwanza, haijui kama katikati palikuwa na hewa. Mikunjo ya sikio ikijifunika, pengo la hewa huhesabiwa kama nyama na doa la giza hutokea. Kwenye mwendo halionekani. Kwenye picha tuli ya karibu linaonekana.

### Na taa zisizo na kivuli, au gemu ya simu?

Hapo tumia unene uliochorwa mapema kwenye tekscha. Barré-Brisebois na Bouchard waliieleza njia hii mwaka 2011: unageuza nomali za umbo, unapiga hesabu ya kufunikwa kwa mwanga upande wa ndani, unapindua rangi za jibu, na unalihifadhi. Palipo pembamba panakuwa peupe. Wakati wa kuchora unatumia hesabu fupi:

```glsl
vec3 H  = L + N * upotoshaji;
float t = pow(clamp(dot(V, -H), 0.0, 1.0), nguvu) * kipimo;
mwanga += rangiTaa * t * unene;   // 1 = pembamba
```

Anza na `upotoshaji` wa 0.2 na `nguvu` ya 4, kisha ongoza kwa macho. Udhaifu wake ni kwamba haijui kama kuna mtu au ukuta kati ya taa na sikio, kwa hiyo usiitumie kwa taa kali inayoweza kufunikwa.

Ukungu wenyewe kwenye simu ni mzigo. Kadi nyingi za simu huchora picha kwa vigae vidogo kwenye kumbukumbu ya ndani, na mapito mawili ya skrini nzima hulazimisha picha kutoka nje na kurudi, na betri ndiyo inayolipa. Kwa simu za bei ya kawaida ni afadhali jedwali lililopigwa hesabu mapema kwa kufuata mpindo wa uso, njia ya Penner ya mwaka 2011, pamoja na unene wa tekscha kwa masikio.

### Mhusika wangu ana ngozi nyeusi. Nibadilishe nini?

Usianze na upana wa ukungu. Melanini iko kwenye tabaka la juu, na mtawanyiko mpana hutokea zaidi chini yake, kwenye tabaka lenye damu. Ngozi nyeusi inanyonya mwanga mwingi zaidi unapoingia na unapotoka, na kazi hiyo tayari inafanywa na albedo, tunayoizidisha mwishoni. Kwa masikio hesabu ni ileile: mwanga unavuka tabaka la juu mara mbili, nyuma na mbele, na albedo imeshabeba kuvuka mara mbili. Zidisha mara moja tu. Sikio litawaka kwa unyonge zaidi na kwa wekundu wa kina zaidi, kwa sababu melanini hunyonya buluu na kijani kuliko mwekundu. Ndivyo inavyokuwa kweli ukishika tochi.

Kinachobadilika sana ni uzito wa mng'ao. Ile asilimia 2.8 inatokana na mafuta na uso wa ngozi, haijali melanini. Tuseme albedo ya mwekundu ni 0.12 badala ya 0.55. Mwanga wa ndani umepungua zaidi ya mara nne, mng'ao umebaki vilevile, na sasa ndio unaobeba umbo la paji, mashavu na midomo. Kosa la kuingiza mng'ao kwenye ukungu, ambalo kwenye ngozi nyeupe linaweza kupita bila kuonekana, kwenye ngozi nyeusi linaufanya uso kuwa wa kijivu na vumbi. Watu wengi hulijibu tatizo hilo kwa kuongeza mwekundu kwenye keneli, na uso unakuwa wa matofali. Tenganisha bafa mbili vizuri, boresha ramani ya ukwaruzo wa ngozi, na keneli iache ilivyo.

### Nizime lini?

Nusu-kipenyo kinapopungua chini ya pikseli mbili, ruka mapito yote kwa mhusika huyo. Kwa kamera ya mfano wetu ni kama mita 8. Usizime ghafla, punguza upana taratibu kuanzia mita 6. Masikio yazime baadaye kidogo, kwa sababu jua likiwa nyuma ya mtu, wekundu wa masikio huonekana hata pale ambapo ulaini wa mashavu hauonekani tena.